Siki na Beking Soda: Povu Jingi, Kazi Kidogo

Miezi hii kuna resipi moja inayozunguka kutoka kikundi hadi kikundi, wengine wameipata kwa simu, wengine kwa jirani. Inasema hivi: twaa siki, twaa beking soda, changanya, povu litafoka, nawe utakuwa na dawa ya kusafisha kila kitu nyumbani, kuanzia sufuria mpaka choo. Kikundi kimoja cha akina mama kilifika mbali zaidi. Waliona watoe pesa kwa mweka hazina, wanunue siki kwa mtungi na soda kwa kilo, wachanganye kwenye pipa, kisha wajaze chupa na kuuza sokoni kila Jumamosi. Kabla ya kutoa pesa wakauliza: je, hiyo dawa yafanya kazi kweli?

Jibu ni kwamba siki pekee yafanya kazi fulani, na soda pekee yafanya kazi fulani. Lakini ukizichanganya pamoja, kila moja yaua nguvu ya mwenzake. Kile kinachobaki chini ya povu ni maji yenye chumvi hafifu. Hebu tuone ni kwa nini, polepole, maana mtu akielewa jambo hili hatadanganywa tena na povu, la chupa hii au la chupa nyingine.

Tuanze na siki. Watu wa Pwani wanaijua vizuri, kwa sababu tembo la mnazi likikaa siku kadhaa huzidi kuchacha mpaka linakuwa siki lenyewe. Vijidudu vidogo vinakula kile kileo na kukigeuza kuwa asidi, yaani kitu kikali chenye uchachu. Asidi hiyo inaitwa asidi ya asetiki. Siki nyingi za dukani siku hizi hazitokani na tembo, ni asidi ya kiwandani iliyotiwa maji, lakini asidi ni ile ile. Soma karatasi ya chupa utaona imeandikwa asilimia 4 au 5. Maana yake ni kwamba katika kila vijiko 100 vya siki, kama vijiko 5 tu ndivyo asidi, vingine 95 ni maji. Kwa hiyo tangu mwanzo tujue kwamba nguvu iliyo ndani ya chupa si nyingi. Ikitumika mahali pengine, imekwisha.

Beking soda nayo ni ule unga mweupe laini wa kutia kwenye keki na mandazi. Angalieni, sisemi beking pauda. Beking pauda ni soda ambayo tayari imechanganywa na asidi kavu pamoja na unga wa wanga, na ndiyo maana inatoa mapovu ukiitia maji peke yake. Soda yenyewe ikitiwa maji baridi hutulia tu. Ni ndugu wa karibu wa magadi yale yanayochimbwa Ziwa Magadi huko Kajiado, yale tunayotia kwenye mboga na githeri ziive haraka. Magadi ni makali zaidi, soda ni pole. Lakini zote mbili ni za ukoo wa majivu: zinateleza kidogo ukizipaka mkononi, na ukoo huo ni adui wa asidi. Wenye kusoma sayansi wanauita ukoo wa alkali.

Sasa fanyeni jaribio hili kwenye mkutano wenu ujao, halina gharama. Chukueni jagi au chombo cha wazi chenye mdomo mpana. Tieni ndani kijiko kimoja cha chai cha beking soda, kilichosawazishwa juu, kisiwe cha mlima. Hiyo ni kama gramu 5. Kisha pimeni siki ya asilimia 5 kwa kijiko cha mezani, na mmimine kijiko kimoja kimoja. Kijiko cha kwanza, povu linafoka kwa kelele. Cha pili vilevile. Cha tatu povu bado lipo. Endeleeni. Mkifika kama kijiko cha tano, mtaona mambo yametulia: mnaongeza siki na hakuna kinachotokea, au ni viputo vichache tu. Unga umeyeyuka wote, na maji yamekuwa meupe angavu.

Gusa jagi kwa nje. Utaona limekuwa baridi kuliko lilivyokuwa. Watu wengi wanashangaa hapa, kwa sababu tumezoea kitu kinachotoa mapovu kiwe cha moto, kama chai inayochemka. Hiki hakichemki hata kidogo. Kazi inayofanyika ndani inavuta joto kutoka kwa maji.

Kisha washeni kijiti cha kiberiti na mkiteremshe polepole ndani ya jagi bila kugusa maji. Kitazimika kabla ya kufika chini. Ndani ya jagi kumejaa gesi isiyoonekana, nzito kuliko hewa, imelala pale kama maji katika beseni. Gesi hiyo ni kaboni daioksaidi. Ni ile ile tunayoitoa tukipumua, na ile ile inayofanya soda ya chupa itoe viputo ukiifungua. Kijiko kimoja cha beking soda kinaweza kutoa gesi hiyo zaidi ya lita moja. Kwa hiyo usishangae povu lilikuwa jingi: unga wa kijiko kimoja umetoa gesi ya kujaza chupa mbili za nusu lita na zaidi.

Povu limetoka wapi? Fikirini hivi. Soda imeundwa kwa sehemu mbili zilizoshikana. Moja inaitwa sodiamu, ambayo pia imo ndani ya chumvi tunayokula. Nyingine ni ile iliyofungia gesi. Asidi ya siki inapofika, inaleta kitu ambacho ile sehemu ya pili inakitaka sana. Inakipokea, lakini ikishakipokea haiwezi kukaa imara. Inavunjika papo hapo kuwa vitu viwili, maji na gesi ya kaboni. Gesi inapanda juu kwa viputo, na hivyo ndivyo povu. Sodiamu iliyoachwa peke yake inashikana na kile kilichobaki cha siki, na hao wawili wanafanya chumvi mpya inayoitwa sodiamu asetati.

Basi hesabu ni hii. Kabla ya kuchanganya mlikuwa na asidi na mlikuwa na alkali. Baada ya kuchanganya mna gesi iliyokwenda zake hewani, mna maji, na mna chumvi. Kwa kijiko kimoja cha soda na vijiko vitano vya siki, mtabaki na kama robo kikombe cha maji yaliyoyeyusha chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai. Chumvi hiyo haina madhara, hata viwandani huitia kwenye vyakula vingine ili kuongeza ladha ya uchachu. Lakini haiondoi mafuta, haiyeyushi chokaa, na haina chembe za kusugulia. Ni kama mtu amwagie maji ya chumvi sakafuni na kutarajia ing'ae.

Mtu atasema: lakini mimi nilitumia na sufuria ikatakata. Simbishii. Watu wengi hawapimi. Mmoja anatia soda ya mlima na siki kidogo tu. Siki inakwisha, soda inabaki ikiwa chenga chenga, naye anasugua. Kilichosafisha ni ile soda iliyobaki na nguvu ya mkono wake. Mwingine anatia siki nusu chupa na soda kidogo. Soda inakwisha, siki inabaki imepungua nguvu, nayo inafanya kazi yake kama siki. Katika hali zote mbili, kilichofanya kazi ni kile kilichoponea kwenye vita, na kile kilichotoa povu ni hasara. Ukitaka kujua kilichobaki kwenye chombo chako, chota kidogo cha maji yale yaliyotulia. Tia tone la siki: likitoa viputo, soda bado imo. Lisipotoa, tia chembe ya soda: ikitoa viputo, siki bado imo. Ikiwa hakuna kinachotoa viputo kwa upande wowote, basi umepima sawasawa kabisa, na umetengeneza dawa ambayo haifai kwa lolote.

Mahali pazuri pa kuona hasara hii ni kwenye birika. Sehemu kavu kama Kitui na Makueni, maji ya visima mara nyingi ni ya chumvi na magumu. Ukichemsha chai kila siku kwa maji hayo, ndani ya birika kunajijenga gamba jeupe au la kijivu, gumu kama ganda la yai. Kuni au gesi ya kupikia zinatumika zaidi kwa sababu moto lazima upite kwenye gamba hilo kwanza. Gamba hilo kwa sehemu kubwa ni chokaa, na chokaa hiyo nayo ni adui wa asidi, kama soda ilivyo.

Hebu dondosha tone la siki juu ya gamba hilo. Ukitazama kwa karibu utaona viputo vidogo sana, vya polepole. Hilo ndilo povu lenye faida! Hapo gesi inatoka ndani ya gamba lenyewe. Kila kiputo ni chembe ya uchafu iliyovunjika na kuyeyuka. Halina kelele, halifoki, na mtu mwenye haraka hawezi hata kuliona. Kama hakuna kiputo chochote, basi ujue gamba lako si chokaa, labda ni udongo au masalio ya majani ya chai, na siki haitalisaidia.

Sasa tufanye hesabu ya birika moja. Tuseme mama ana nusu kikombe cha siki ya asilimia 5. Asidi iliyomo yaweza kuyeyusha chokaa kama gramu 5, yaani uzito wa kile kijiko chetu cha chai cha soda. Kwa birika la familia, hiyo ni kazi ya kuonekana. Lakini yule mama amesikia resipi, akaongeza vijiko viwili vya beking soda. Povu likafoka mpaka likamwagika juu ya meza, watoto wakafurahi. Vijiko viwili vya soda vinatosha kumaliza asidi yote ya nusu kikombe cha siki. Soda ni unga laini uliokwisha kuyeyuka, nayo inaifikia asidi mara moja, lakini chokaa ni gamba gumu linaloliwa polepole. Kwa hiyo asidi yote imekwenda kwa soda. Gamba limebaki pale pale lilivyokuwa, na pesa ya siki na pesa ya soda zimekwenda hewani pamoja na gesi.

Njia iliyo sawa ni hii. Tia siki na maji kwa kiasi sawa, yafunike gamba. Pasha moto kidogo, yawe ya uvuguvugu mzuri lakini yasichemke, maana mvuke wa siki unachoma macho na pua. Acha kwa nusu saa. Kwa gamba nene acha saa nzima, lakini kama birika ni la aluminiamu usilaze siki usiku kucha, kwa sababu nayo huila aluminiamu polepole. Sugua kwa kitambaa au gunzi la mahindi, mwaga, suuza. Kama gamba bado lipo, rudia na siki mpya, kwa sababu ile ya kwanza imekwisha nguvu. Mwisho chemsha maji matupu mara moja na uyamwage, ndipo upike chai. Na kama siki ni ghali kwenu lakini ndimu au malimau yanaoza shambani, kamua hayo. Asidi yake ni nyingine lakini kwa chokaa inafanya kazi hiyo hiyo.

Jambo moja dogo hapa kabla sijasahau. Siki inakula chokaa popote inapoipata, haichagui. Saruji ina chokaa. Sakafu ya teraso, kama ile ya kumbi nyingi na zahanati, ina chokaa na mawe ya marumaru. Usipige deki kwa siki juu ya sakafu hizo, zitapoteza mng'aro, na mng'aro huo haurudi kwa kusugua.

Tuje kwenye sufuria, maana hapa ndipo maswali mengi yalipo. Uchafu wa sufuria ni wa aina mbili: mafuta, na ukoko ulioungua. Mafuta yanataka kitu kinachoweza kuyashika kwa mkono mmoja na kushika maji kwa mkono mwingine, yapate kuondoka pamoja. Kitu hicho ni sabuni. Siki haina mkono huo. Ndiyo maana kachumbari ikitiwa siki na mafuta, mafuta yanaelea juu. Soda ni pole mno kwa mafuta, inasaidia kidogo tu. Mabibi zetu walikuwa wakitumia majivu ya kuni na mchanga, na walijua walichokifanya, kwa kuwa majivu ni alkali kali kuliko beking soda, yanageuza sehemu ya mafuta kuwa kama sabuni pale pale, na mchanga unasugua. Mtu angewaambia wamwagie siki juu ya majivu yao kabla ya kuosha wangemcheka.

Kwa ukoko wa ugali au wali, dawa ya kwanza ni maji na subira. Loweka usiku, asubuhi unabanduka wenyewe. Kwa ukoko ulioungua ukawa mweusi, soda ina faida, lakini bila siki. Changanya vijiko vitatu vya soda na kijiko kimoja cha maji upate uji mzito. Maji yawe kidogo, kwa sababu tunataka chenga zibaki chenga, zisiyeyuke. Paka, sugua kwa kitambaa kibichi. Chenga za soda ni ngumu kiasi cha kukwangua uchafu lakini ni laini kiasi cha kutokuchana chombo, tofauti na waya wa kusugulia. Kumbe mtu akitia siki juu ya uji huo, jambo la kwanza linalopotea ni zile chenga zenyewe. Anakuwa ameyeyusha msasa wake kabla hajaanza kusugua.

Lakini angalia sufuria ni ya nini. Sufuria zetu nyingi, zile nyepesi za rangi ya fedha, ni za aluminiamu. Aluminiamu haipendi alkali. Ukichemsha magadi au soda ndani yake, au ukiacha uji wa soda umepakwa usiku kucha, sufuria inageuka nyeusi nyeusi na yaweza kufanya vishimo vidogo. Kwa aluminiamu paka, sugua, suuza, yote kwa dakika chache. Kuchemsha maji na soda vijiko viwili kwa dakika 10 ili kulainisha ukoko ni njia nzuri sana, ila ni kwa sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ile iliyopakwa rangi ya kioo. Na kama aluminiamu imekwisha kuwa nyeusi kwa sababu ya alkali, chemsha ndani yake maji yenye siki kidogo au vipande vya limau kwa dakika chache, weusi utapungua. Mnaona? Soda leo, ukasuuza, kisha siki. Hivyo kwa zamu kila moja inafanya kazi yake. Kosa ni kuziweka pamoja kwenye chombo kimoja kwa wakati mmoja.

Wengine wameniuliza juu ya bomba la sinki lililoziba. Resipi inasema mimina soda, kisha siki, povu litasukuma uchafu. Fikiria umesimama mlangoni, na nyuma yako kuna ukuta, na mbele yako kuna uwanja mtupu. Ukisukumwa utakwenda wapi? Gesi nayo vivyo hivyo. Chini kuna kizibo cha mafuta na nywele, juu kuna tundu la wazi. Inapanda juu. Kile kinachofungua bomba mara nyingine ni yale maji ya moto wanayoambiwa wamimine mwishoni, na hayo yangefanya kazi bila ya siki wala soda. Basi mimina maji ya moto na sabuni ya maji kwanza, yasiwe ya kuchemka kama bomba ni la plastiki. Ikishindikana, tumia kile kifaa cha mpira cha kusukumia chenye mpini, au fungua ile kona ya chini ya sinki juu ya ndoo na utoe uchafu kwa waya. Si kazi nzuri, lakini inakwisha.

Nirudi kwa wale akina mama na pipa lao. Nimesema kwamba wangeuza maji ya chumvi. Mnunuzi wa kwanza angerudi Jumamosi ya pili na chupa yake. Lakini kuna jambo baya zaidi. Kama wangechanganya na kufunga vizibo kabla povu halijaisha, gesi ingeendelea kutoka ndani ya chupa. Kumbukeni kijiko kimoja kinatoa gesi zaidi ya lita moja. Chupa ya nusu lita yenye kijiko hicho ingelazimika kubeba gesi zaidi ya mara mbili ya nafasi yake, na kwa vijiko viwili au vitatu inavimba na kuwa ngumu kama mpira wa gari. Chupa ya kioo yaweza kupasuka na kurusha vigae usoni mwa mtu. Hata watoto wanaofanya mchezo huu shuleni waambiwe: chombo cha wazi, daima, kisifungwe kamwe.

Na tafadhali, msiandike kwenye chupa yoyote kwamba mchanganyiko huo unaua viini. Siki yenyewe, kabla haijaharibiwa na soda, haitegemewi kwa viini vya kipindupindu na kuhara kwenye choo au meza ya jikoni. Soda haiui. Yale maji ya chumvi yanayobaki ndiyo kabisa. Nyumba yenye mgonjwa wa kuhara inahitaji sabuni na maji kwa mikono, na dawa ya klorini kwa sakafu, vyombo na choo, kwa vipimo ambavyo mhudumu wa afya wa kijiji atawaonyesha. Mtu akiamini povu na kuacha klorini, mtoto anayetambaa kwenye sakafu hiyo ndiye anayelipa.

Hapo kwenye klorini kuna hatari nyingine. Kwa kuwa watu wamezoea kuchanganya, mtu aweza kufikiri: kama siki na soda ni nzuri, basi siki na ile dawa ya klorini ya kufanya nguo nyeupe itakuwa nzuri zaidi. Hapana! Asidi yoyote ikikutana na dawa ya klorini, iwe siki, iwe ndimu, iwe dawa kali ya choo, hutoa gesi ya sumu inayochoma koo na mapafu. Povu laweza lisionekane hata kidogo. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, mtu aweza kuzidiwa kwa muda mfupi. Ikitokea, toka nje mara moja, acha mlango wazi, usirudi kuchukua ndoo. Akiendelea kukohoa au kukosa pumzi apelekwe zahanati.

Kwa wale akina mama, ushauri niliowapa ni kwamba wanunue siki kidogo na soda kidogo kwa matumizi ya nyumbani, ziwekwe katika chupa mbili zilizoandikwa majina, moja kwa birika na nyingine kwa ukoko. Pesa iliyobaki waiweke kwenye mafuta na vifaa vya kutengenezea sabuni, kwa sababu sabuni inashika mafuta kweli, na yule mnunuzi wa Jumamosi atarudi kutafuta chupa ya pili.